Angalizo la upepo lifike kabla barafu haijanunuliwa: kisa cha diko moja Bagamoyo

Tuchukue diko moja la wavuvi Bagamoyo, kipindi cha kusi, mwezi wa sita. Namba tutakazotumia tumezipanga wenyewe kwa ukubwa wa diko la kawaida, ili hesabu ionekane mpaka mwisho. Diko lina orodha ya watu 120. Kati yao 48 ni manahodha, 60 ni wamiliki wa vyombo na mabaharia wazoefu, na 12 ni wauza barafu, wauza mafuta na viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni. Vyombo ni mchanganyiko: ngalawa, mashua, na boti za dagaa zinazotoka jioni na taa zake na kurudi alfajiri.

Jumanne saa 8:30 mchana Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, kwa mikoa ya Pwani na Dar es Salaam, kuanzia jioni hiyo. Katibu wa BMU analipata kwenye simu yake kama picha ndani ya kundi la WhatsApp. Anaisambaza hapo hapo kwenye kundi la diko. Saa 11 jioni boti za dagaa zinaanza kusukumwa majini, na nusu ya manahodha hawajui lolote.

Hakuna aliyezembea hapo. Picha ile ni faili la mamia ya kilobaiti. Mwenye simu janja ambaye bando limeisha usiku wa jana anaona ukungu wenye mshale wa kupakua, hana zaidi. Mwenye bando lakini yuko ufukweni, penye mtandao unaokatika kila dakika, anaona duara linazunguka. Na manahodha wengi huenda baharini na kitochi, kwa sababu betri yake inakaa siku kadhaa na kikiingia maji hasara si kubwa. Simu janja inabaki nyumbani.

Meseji ya kawaida hupita njia nyingine. Haihitaji data hata chembe. Husafiri kwenye njia ya mawasiliano ambayo simu na mnara huitumia kuitana, ileile inayoifanya simu iite. Mtandao wa data unaweza kuwa umelemewa kabisa, na bado meseji ikapita. Simu ikiwa imezimwa, meseji husubiri kwenye kituo cha meseji cha kampuni ya simu, kisha huletwa simu inapowashwa. Faida hiyo ya kusubiri ina hatari yake pia, na tutaifikia.

Lakini kabla ya mtambo wowote, kuna swali ambalo madiko mengi hulijibu vibaya: angalizo linatakiwa kufika kabla ya saa ngapi? Wengi husema kabla ya kutoka, yaani saa 11. Jibu hilo limechelewa. Nahodha wa boti ya dagaa ananunua barafu na petroli kati ya saa 9:30 na saa 10 alasiri. Akishalipa, barafu inayeyuka na deni limeshaandikwa. Mtu huyo hata ukimsomea angalizo uso kwa uso atatazama anga, ataona jua linawaka, na atatoka. Saa ya mwisho ya angalizo ni saa ya kununua barafu. Kwa diko letu ni saa 9:30, kwa hiyo kuna saa moja kamili tangu taarifa ilipotoka. Kila uamuzi unaofuata umepimwa kwa saa hiyo moja.

Maneno yenyewe

Meseji moja hubeba baiti 140. Kwa herufi za kawaida za GSM, mfumo wa simu za mkononi, hiyo ni nafasi ya herufi 160. Kiswahili kina bahati hapa: a mpaka z zote zimo, tarakimu zimo, nukta na mkato zimo. Ila ikiingia alama moja tu isiyomo kwenye orodha ya GSM, meseji nzima hugeuzwa kwenda mfumo wa UCS-2, na nafasi hushuka mpaka herufi 70. Meseji ikizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hupoteza nafasi kidogo kwa ajili ya namba ya kuviunganisha: 153 kwa GSM, 67 kwa UCS-2.

Alama zinazoleta balaa hili ni chache, na karibu zote huingia kwa kunakili kutoka WhatsApp au kutoka kwenye waraka. Kuna apostrofi iliyopinda kwenye neno kama “ng’ambo”, mistari mirefu ya kutenganisha maneno, alama ya nyuzi joto, na vikatuni vya rangi. Apostrofi iliyonyooka haina shida, iliyopinda ndiyo yenye shida, na kwa macho ya haraka huwezi kuzitofautisha.

Ujumbe ambao diko letu lilitumia ni huu:

```
ANGALIZO TMA: upepo km 40 kwa saa, mawimbi mita 2, Pwani na Dar. J4 17/6 saa 12 jioni hadi Alh 19/6 saa 12 jioni. BMU: ngalawa zisitoke. Ukisoma bipu hapa
```

Herufi zake ni 154. Inaingia kwenye meseji moja. Ukiweka apostrofi moja iliyopinda popote humo, inakuwa meseji tatu. Watu 120 wanakuwa meseji 360, na modemu, kifaa cha kutuma meseji kutoka kwenye kompyuta, kinachotumia kama sekunde 5 kwa kila moja, inatoka dakika 10 kwenda dakika 30. Theluthi ya muda tuliokuwa nao inaliwa na alama moja. Kwenye kompyuta yenye Linux, amri mbili hizi hukagua kabla ya kutuma. Ya kwanza huonyesha mstari wenye alama ngeni, na ikikaa kimya ujumbe ni safi. Ya pili huhesabu herufi, na huongeza moja kwa ajili ya mwisho wa mstari.

```
grep -nP '[^\x00-\x7F]' ujumbe.txt
wc -m < ujumbe.txt
```

Tazama sasa mpangilio wa maneno. Neno la kwanza ni daraja la onyo, kama TMA wenyewe walivyolitaja. TMA wana madaraja matatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Anayesambaza hana ruhusa ya kulipandisha angalizo liwe tahadhari ili watu waogope. Akifanya hivyo mara mbili na bahari ikakaa shwari, siku ya tahadhari kubwa hatasikilizwa. Uamuzi wa hapa dikoni unaanza pale palipoandikwa BMU, na msomaji anaona wazi nani kasema nini.

Siku na tarehe zimeandikwa zote mbili, na hakuna neno “leo” wala “kesho”. Meseji inaweza kuchelewa kufika. “Kesho” iliyoandikwa Jumanne na kusomwa Jumatano asubuhi inamwambia nahodha kwamba leo ni salama. Kwa saa ni vivyo hivyo: andika kwa Kiswahili, saa 12 jioni, wala si 18:00. Ukiandika “saa 6” bila kusema mchana au usiku, au ukichanganya saa ya Kiswahili na ya kizungu kwenye ujumbe mmoja, umempa mtu nafasi ya kukosea kwa saa sita, hata kumi na mbili. Baharini saa sita ni nyingi.

Maneno ya mwisho, “ukisoma bipu hapa”, yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Hapo awali yaliandikwa “jibu 1”. Kujibu kunamgharimu mvuvi salio, na asiye na salio hawezi kujibu kabisa, kwa hiyo kimya chake hakikuwa na maana yoyote. Kubipu ni bure. Simu ikiita mara moja na kukatwa, namba yake imeshajulikana.

Hiyo pia ndiyo sababu diko halikutumia huduma ya kutuma meseji nyingi kwa jina badala ya namba. Huduma hizo ni nzuri kwa diko lenye watu elfu. Ukipata intaneti ya sekunde chache tu, ombi moja dogo linatosha kusukuma orodha yote. Lakini meseji iliyotoka kwa jina haijibiwi wala haibipiwi, na jina lenyewe lazima lisajiliwe kwanza. Kwa watu 120 wanaofahamiana, namba ya kawaida inafaa zaidi, kwa sharti moja: iwe imehifadhiwa kwenye simu ya kila mtu siku ya kuandikishwa, kwa jina la diko. Watu wamechoshwa na meseji za matapeli, za “ile hela tuma kwenye namba hii”. Namba ngeni inayoleta habari ya haraka hufutwa bila kusomwa mpaka mwisho. Kwa sababu hiyohiyo ujumbe wa angalizo hauna kiungo cha kubofya, na namba ile haitumiki kamwe kuomba michango.

Mtambo na amri zake

Kutuma kutoka kwenye simu ya katibu kunawezekana kwa watu 20. Kwa 120 kunakwama, maana simu janja huweka kikomo cha meseji ambazo programu moja inaweza kutuma kwa muda mfupi, kisha husimama na kuuliza ruhusa. Diko letu lina kompyuta ndogo iliyochakaa na modemu ya GSM inayopokea simu pia, si ile ya data peke yake. Vyote viko ofisini kwa BMU. Havihitaji intaneti. Katibu husoma angalizo mahali popote alipolipata, hata akisomewa kwa simu, kisha huandika ujumbe na kutuma.

Umeme ukikatika kompyuta ina betri yake, lakini modemu inahitaji yake. Betri ya volti 12 ya Ah 7 ina kama Wh 84. Ukiitumia nusu tu ili isife mapema, modemu inayokula wati 5 inakaa karibu saa 7, ukishaondoa kinachopotea kwenye kibadilishi cha volti. Kibadilishi ndicho kinachosumbua zaidi. Modemu za aina hii hunyonya mkondo kwa mikupuo mifupi ya mpaka ampea 2 inapotuma, na chaja dhaifu ya simu huangusha volti hapo hapo. Dalili ni kwamba modemu inaonekana nzima, inajibu amri zote, ila inajizima na kuwaka upya kila inapojaribu kutuma. Watu hubadili laini mara tatu kabla ya kugundua kwamba kosa ni waya mwembamba wa umeme.

Amri zenyewe ni hizi. Programu yoyote utakayotumia, ndani yake inafanya haya:

```
AT+CREG?
AT+CMGF=1
AT+CSMP=49,71,0,0
AT+CNMI=2,1,0,1,0
AT+CLIP=1
AT+CMGS="+2557XXXXXXXX"
```

Ya kwanza inauliza kama laini imepokelewa na mtandao. Jibu `0,1` ni sawa, `0,2` ina maana bado inatafuta, na `0,3` ina maana imekataliwa, mara nyingi kwa sababu laini imefungwa. Ya pili inachagua maandishi ya kawaida. Ya tatu ndiyo tutakayoitazama kwa karibu. Ya nne inaomba taarifa za kufika ziletwe hapo hapo, na ya tano inaomba namba ya anayebipu ionyeshwe. Baada ya ile ya mwisho modemu hutoa alama ya `>`, ujumbe huandikwa, na hufungwa kwa Ctrl+Z.

Kwenye `AT+CSMP`, 49 inaomba taarifa ya kufika, na 71 ni uhai wa meseji. Kanuni yake ni rahisi kwa muda wa mpaka saa 12: ongeza 1, zidisha kwa dakika 5. Sabini na mbili mara tano ni dakika 360, saa 6. Ikipita hapo bila kufika, kituo cha meseji kinaitupa. Ukiacha thamani ambayo modemu nyingi huja nayo, 167, uhai ni saa 24.

Kwa nini uufupishe uhai huo? Hapa ndipo ile hatari ya kusubiri inapojitokeza. Maonyo ya bahari hubadilika. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, TMA walitoa taarifa moja baada ya nyingine kadiri kilivyosogea. Mtu anayewasha simu baada ya siku nzima anaweza kupokea meseji zote kwa mkupuo, na mpangilio wa kufika hauhakikishwi na mtandao. La zamani linaweza kuingia la mwisho na kukaa juu kabisa kwenye skrini. Kwa hiyo onyo linalotarajiwa kubadilishwa lipewe saa chache, na ukiwa na zaidi ya moja kwa tukio lilelile uweke namba ya toleo mwanzoni: “TOLEO 2”. Kwa angalizo letu la siku mbili saa 6 zilitosha, kwa kuwa asiyelipata kabla ya magharibi angetafutwa kwa miguu.

Orodha haitumwi kwa alfabeti. Manahodha 48 wanatangulia, na hilo linachukua dakika 4. Wauza barafu na mafuta wanafuata mara moja, kabla ya wamiliki. Hawa wapo dikoni muda wote, simu zao zina chaji, na kila nahodha lazima apite kwao. Muuza barafu aliyepata angalizo anafanya kazi kuliko meseji kumi. Wamiliki na mabaharia wanakuja mwisho. Tena kutuma kwa mafungu kunausaidia mnara: wapokeaji wote wako chini ya mnara mmoja, na kila meseji inayoshuka hushika njia ile ya kuitana kwa sekunde chache.

Saa 9:30: kusoma kimya

Katibu alianza kutuma saa 8:50. Saa 9:00 modemu ilikuwa imemaliza, na kila namba ilikuwa na jibu la aina hii:

```
+CMGS: 37
OK
```

Hapa ndipo wengi husimama na kusema “zimefika zote”. Jibu hilo linasema tu kwamba kituo cha meseji kimepokea ujumbe namba 37. Hakijasema chochote kuhusu nahodha. Taarifa ya kufika huja baadaye, peke yake:

```
+CDS: 6,37,"+2557XXXXXXXX",145,"25/06/17,14:52:10+12","25/06/17,14:52:15+12",0
```

Namba 37 inakutanisha taarifa na meseji yake. Namba ya mwisho ndiyo hukumu. Sifuri ni kwamba simu imepokea, kati ya 32 na 63 kituo bado kinajaribu, na 70 ni kwamba uhai wa meseji umekwisha bila kumpata. Ile `+12` ni robo saa kumi na mbili, yaani saa 3 mbele ya saa ya dunia, kama ilivyo kwetu.

Saa 9:30 hali ya manahodha 48 ilikuwa hivi: 39 simu zao zilipokea, na kati ya hao 28 walibipu. Ishirini waliobaki ndio kazi iliyosalia. Hilo ndilo tunalotaka lieleweke kuliko mengine yote kwenye kisa hiki. Meseji haimalizi orodha, inaifupisha. Kabla ya saa 8:50 mtu wa kutembea dikoni alikuwa na majina 48 ya kutafuta. Sasa ana 20, na anajua kwa kila mmoja ni tatizo la aina gani.

Kumi na mmoja wamepokea na hawakubipu. Simu imo mfukoni lakini mtu anashona nyavu, au simu kaachiwa mtoto nyumbani. Hawa wanapigiwa. Kupiga simu 11 ni dakika kumi.

Tisa hawana taarifa ya kufika. Watatu simu zimezimwa, ziko kwenye kibanda cha kuchajia, na ukiwapigia unaambiwa hawapatikani. Mmoja kabadili laini bila kusema. Wawili kisa chao ni cha kujifunza: ukiwapigia simu inaita vizuri, lakini meseji haiingii. Hiyo ni dalili ya kumbukumbu ya meseji iliyojaa. Vitochi vingi huhifadhi meseji chache, na matangazo ya vifurushi na bahati nasibu huzijaza kimya kimya. Juu ya skrini bahasha ndogo humetameta. Mwenyewe akifuta mbili tatu, simu huuarifu mtandao kwamba kuna nafasi na meseji iliyosubiri huingia. Dawa yake ni siku ya kuhakiki orodha: kila nahodha aje na simu, meseji zilizojaa zifutwe, namba ya diko iangaliwe kama bado imehifadhiwa.

Watatu wa mwisho wako baharini tangu alfajiri. Hapa kuna mpaka ambao hakuna modemu itakayouvuka. Kwenye mfumo wa kawaida wa GSM, ambao vitochi vingi hutumia, simu haiwezi kuzungumza na mnara ulio mbali zaidi ya kilomita 35 hivi, hata kama mawimbi yake yanasikika. Mnara hupanga zamu za simu kwa kupima muda wa mawimbi kusafiri, na kipimo chake kinaishia hatua ya 63, kila hatua ikiwa kama mita 550. Na hiyo ni simu iliyoshikwa juu mahali pa wazi. Simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kuwekwa chini ya ubao wa chombo hupotea mapema zaidi. Mashua iliyo katikati ya Mlango Bahari wa Zanzibar inaweza kudaka mnara wa upande wa Unguja, au isidake chochote.

Kwa watatu hao meseji ya saa 6 iliachwa isubiri, kwa kuwa chombo kinachorudi huingia kwenye mtandao kabla ya kufika nchi kavu. Nahodha akiikuta humo njiani anajua asishushe samaki na kurudi tena majini. Lakini diko halikuihesabu kama njia ya kuwafikia. Waliandikwa kwenye karatasi ukutani: jina la chombo, saa kilipotoka, sehemu kilikosema kinaenda. Vyombo vilivyokuwa karibu kurudi vilipigiwa na kuulizwa kama vimewaona. Ilipofika saa 11:40 jioni wawili walikuwa wameshafika. Wa tatu alitoa taarifa ya sifuri saa 12:15, maana yake simu yake imeuona mnara, na hiyo peke yake iliwaambia watu dikoni kwamba chombo kiko njiani na wapi pa kuangalia.

Yanayoharibika siku ambazo hakuna upepo

Mtambo huu hauharibiki siku ya angalizo. Huharibika wiki mbili kabla, na siku ya angalizo ndipo inapojulikana. Sababu ya kwanza ni kifurushi. Kifurushi cha meseji kina mwisho wake, na kikiisha laini inaweza kukata salio la kawaida kwa bei ya juu, mpaka linakwisha, kisha kila `AT+CMGS` hurudi na `+CMS ERROR`. Pia kuna vifurushi vya meseji za mtandao mmoja tu. Orodha ya wavuvi ina mitandao yote, hivyo angalia kabla ya kununua kwamba kifurushi kinasema mitandao yote. Salio la akiba la meseji 150 likae kwenye laini muda wote, juu ya kifurushi.

Sababu ya pili ni laini kufungwa kwa kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa kasi, jambo linalofanana na utapeli machoni pa kampuni ya simu. Nenda dukani kwao mapema, eleza matumizi, na kaa na laini ya pili ya mtandao mwingine. Laini hiyo inafaa pia mnara wa kwanza unapokufa betri baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu.

Ili hitilafu ionekane mapema, modemu hutuma meseji moja kila siku saa 1 asubuhi kwa katibu na kwa muuza barafu: “MTAMBO HAI”, na tarehe. Wawili, kwa sababu mmoja atazoea na ataacha kutazama. Muuza barafu asipoiona mpaka saa 2 anapita ofisini. Meseji 60 kwa mwezi ni gharama ndogo.

Orodha yenyewe inatunzwa kwenye daftari na kwenye kompyuta, haibandikwi ukutani wala haipewi mtu wa kampeni au wa biashara. Namba za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zaidi ya sheria, siku nahodha atakapopokea tangazo la mkopo kutoka namba ya diko, ataizuia, na hakuna atakayejua mpaka angalizo linalofuata.

Alhamisi saa 12 jioni muda wa angalizo uliisha bila TMA kutoa jingine. Katibu hakutuma “bahari shwari”, maana hilo si lake kusema. Alituma herufi chache kwa watu 120 walewale, kwa uhai wa saa moja, yaani 11 badala ya 71 kwenye `AT+CSMP`:

```
TMA: angalizo la 17/6 limeisha Alh 19/6 saa 12 jioni. Hakuna jipya. Angalia anga kabla ya kutoka.
```

Hii haikuombwa bipu.